Video ya mradi wa skuli imezimwa sauti usiku huu, kesho saa mbili mdogo wangu anawasilisha. Tufanyeje?

Pweza_wa_Kusini (mwanzisha uzi), saa 4:12 usiku

Salaam wakuu. Mdogo wangu yuko kidato cha tatu, Unguja. Mradi wao wa mwisho wa muhula ni filamu fupi, na yake inahusu wanawake wanaolima mwani pwani ya mashariki. Ni dakika saba hivi. Kapiga picha kwa simu, kasimulia mwenyewe, chini ya maneno akaweka biti aliyoishusha kwenye tovuti inayosema kila kilichomo ni bure.

Magharibi kaipandisha mtandaoni, kwa sababu mwalimu anataka linki tu. Flashi hazichomekwi kwenye kompyuta ya skuli, virusi vilishawahi kuwamaliza. Saa tatu ikaja taarifa kwamba video ina muziki wa mtu. Kufungua, kuanzia 0:40 mpaka 6:15 ni kimya kitupu. Si biti tu, hata sauti yake na ya wale kina mama haimo. Wimbo unaotajwa hatuujui, na msanii hatujapata kumsikia.

Kubwa zaidi: simu ilikuwa imejaa, kwa hiyo baada ya kupandisha alifuta faili na kila kitu. Analia tangu saa ile. Mtandao wenyewe sitautaja, uzi usije ukageuka wa kutukana kampuni.

BabaShuruba, saa 4:19 usiku

Pole yake. Hapo msihangaike, kateni rufaa sasa hivi na muandike kwamba ni kazi ya elimu. Mambo ya elimu hayadaiwi. Halafu sheria inaruhusu sekunde 30 za wimbo wowote, hilo kila mtu analijua.

Fundi_Montaji, saa 4:27 usiku

Mie nakata video za harusi hapa Mombasa, balaa hili limenikuta mara nyingi. @BabaShuruba, hizo sekunde 30 ni hadithi ya vijiweni. Hakuna kipimo cha namna hiyo, nishadaiwa kwa kipande kifupi kuliko hicho. La elimu uko nusu sahihi. Sheria ya Bara ya 1999 na ya Zanzibar ya 2003 zote zina nafasi ya matumizi ya kufundishia. Lakini aliyezima sauti saa tatu usiku si hakimu, ni mashine. Imelinganisha sauti ya binti na maktaba ya nyimbo zilizosajiliwa, ikaona zinafanana, basi. Haijui kama kuna skuli wala mwalimu.

Na rufaa mkikata leo haiwasaidii kesho. YouTube kwa mfano humpa mdai siku 30 za kujibu.

@Pweza_wa_Kusini nijibu mambo mawili. Akaunti imepewa onyo, au video tu ndiyo imedaiwa? Na hilo faili amelifuta kweli kweli, au limo kwenye pipa la taka la simu?

Kibogoyo_Mcheshi, saa 4:31 usiku

Awaambie walimu ni filamu bubu, mtindo wa zamani. Wazungu wangempa tuzo.

Pweza_wa_Kusini, saa 4:40 usiku

@Fundi_Montaji akaunti haina onyo, imeandikwa video imedaiwa tu. Pipa amelimwaga pia, kwa sababu simu ilikuwa inakataa kupandisha bila nafasi. Apu ya kukatia nayo aliifuta, na kazi yake ikaenda nayo.

Kinachonishangaza, video hakuiweka hadharani. Ni ya wenye linki peke yao, na linki alikuwa nayo yeye na shangazi yetu aliyeko Muscat. Huyo mdai kaionaje?

Fundi_Montaji, saa 4:48 usiku

Hajaiona. Ukaguzi unapita wakati wa kupandisha, kabla mtu yeyote hajaitazama, na video ya siri inakaguliwa sawa na ya hadharani. Mwenye wimbo pengine hata hajui kwamba mdogo wako yupo duniani.

Na kwa nini sauti yake imekwenda pamoja na biti: alipotoa faili kwenye apu, maneno, biti na mawimbi ya bahari vilichanganywa vikawa sauti moja. Mtandao haupokei tabaka, unapokea mchanganyiko. Ukiambiwa zima 0:40 mpaka 6:15, unazima vyote. YouTube kuna kitufe cha `Erase song` kinachojaribu kutoa muziki na kubakisha maneno, lakini hakifaulu kila mara na kinaweza kuchukua saa nyingi. Kama muziki uko juu ya maneno, maneno hutoka yamekwaruzika.

Singeli_Bila_Breki, saa 4:53 usiku

Wakuu samahani, na mimi nina biti zangu za singeli zinatumiwa ovyo na watu wa vichekesho. Hiyo mashine mnayoisema nasajili wapi ili iwazime na wao?

Mtoto_wa_Tanga, saa 4:55 usiku

😂😂 Watu wanaomboleza, wewe unauliza duka la majeneza liko wapi.

Ukaya_wa_Buluu, saa 5:02 usiku

Harusi ya binti yangu iliharibiwa hivi hivi kwenye Facebook. Bwana harusi anaingia ukumbini, kimya. Mama mkwe anatoa nasaha, kimya. Yakarudi maneno tulipofika kwenye kukata keki, kwa sababu hapo ukumbi walikuwa wamezima muziki. Ndugu wa Oman wakawa wanapiga simu wanauliza mama mkwe alisema nini. Nani atakumbuka!

Nauliza tu: huko pwani alikopiga picha hakukuwa na redio? Wale kina mama wakishuka bamvua huenda na redio zao.

Daktari_wa_Simu, saa 5:06 usiku

Mimi nadhani ni YouTube na kosa ni la biti. Hizo tovuti za bure ni mtego. Wanakupa leo bure, kesho wanakudai.

Fundi_Montaji, saa 5:15 usiku

@Daktari_wa_Simu sidhani ni YouTube, ingawa mwenyewe kakataa kusema. Kule kawaida mwenye wimbo huchagua kuifunga video, kuweka matangazo achukue pesa, au kuiangalia tu. Kukatwa sauti kwa vipande namna hii nimekuona zaidi Facebook na Instagram.

Na si lazima iwe mtego. Linalotokea sana ni hili. Mtu anatengeneza kipande cha biti, anakiweka wazi watu watumie. Msanii mmoja huko anakichukua, anaimba juu yake, anampa wakala asambaze wimbo, na wakala anausajili kwenye ile maktaba. Kuanzia hapo, kila aliyetumia kipande kile kile anaonekana mwizi wa wimbo wa yule, hata aliyekitumia kabla yake. Ndiyo maana mnatajiwa wimbo msioujua. Afungue wimbo huo ausikilize. Akisikia biti yake imo chini ya sauti ya msanii, jibu analo.

Pweza_wa_Kusini, saa 5:24 usiku

Tumeusikiliza. Kinanda cha mwanzo ni chenyewe, baada ya hapo ngoma ni tofauti. Kwa hiyo @Fundi_Montaji unaweza kuwa sawa.

Lakini kuna jipya. Nimempigia shangazi, anasema yeye video anaisikia vizuri, sauti yote, "na mtoto anasimulia kama mtangazaji". Imekuwaje Muscat isikike na Unguja isisikike?

Daktari_wa_Simu, saa 5:27 usiku

Nchi. Haki za muziki zinauzwa kwa nchi. Huyo mdai atakuwa hana haki Oman. Mwambieni mwalimu afungue kwa VPN ya Muscat, kwisha.

Mtoto_wa_Tanga, saa 5:29 usiku

VPN kwenye kompyuta inayoogopa flashi?

Mama_Zuwena, saa 5:33 usiku

Jamani, mimi si mtaalamu, nauza mitandio kwa WhatsApp. Huyo shangazi anatazama linki, au anatazama video aliyotumiwa na mtoto WhatsApp? Maana kama alitumiwa WhatsApp, kuna nakala kwenye simu ya aliyetuma. Mimi simu yangu hujaa kwa ajili ya hizo hizo, picha nazituma na zinabaki mara mbili.

Fundi_Montaji, saa 5:36 usiku

Mama Zuwena umetushinda sote. @Pweza_wa_Kusini, kama simu ni Android, fungua programu ya mafaili ufuate njia hii:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media/WhatsApp Video/Sent
```

Folda hiyo watu hawaifikirii wanaposafisha, kwa sababu mara nyingi haionekani kwenye picha za kawaida. Lakini kama alifuta soga ya shangazi pamoja na vilivyomo, haitakuwemo.

Pweza_wa_Kusini, saa 5:51 usiku

IMO!! Mama Zuwena Mungu akuzidishie.

Ila si yenyewe hasa. Ni ile ya juzi aliyomtumia shangazi aitazame kwanza. Ina dakika sita, picha si kali, haina biti, na mahojiano ya mwisho na mnunuzi wa mwani hayamo. Lakini simulizi yake yote imo na kina mama wanasikika. Shangazi kumbe ana vyote viwili, linki na hii, na hajui alitazama ipi. Anasema tusimsumbue, kesho ana kazi.

Fundi_Montaji, saa 5:55 usiku

Pandisheni hiyo sasa hivi, muone ukaguzi unasemaje kabla hamjalala. Usiingoje asubuhi. Na nakala nyingine wekeni kwenye barua pepe, nyingine kwako, nyingine kwa jirani.

Kombora_la_Pemba, saa 6:10 usiku

Yakhe wakati mnangoja, kitu kimoja. Huyo binti kasema mwani ulianza lini? Maana mradi nilioona mwaka jana ulisema mwani ulianza "zamani sana". Kilimo cha biashara kilianza 1989 huko Paje na Jambiani, mbegu zikatoka Ufilipino. Walimu wanapenda mwaka.

Pweza_wa_Kusini, saa 6:14 usiku

Kautaja 1989. Kaeleza pia kwa nini mwani wa kotoni unakufa maji yakipata joto, na kina mama wengi wakabaki na ule wa spinosum ingawa bei yake ni ndogo. Hapo ndipo panaponiuma, maneno hayo yako katikati ya ule ukimya.

Pweza_wa_Kusini, saa 6:38 usiku

Ukaguzi umekwisha. Safari hii imezimwa kuanzia 4:02 mpaka 4:30 tu, na anayedai ni mwingine kabisa! Biti haimo hata chembe. Sehemu hiyo ni kina mama wamekaa mchangani wanafunga mwani kwenye kamba huku wanaimba.

Ukaya_wa_Buluu, saa 6:41 usiku

Redio! Si nilisema?

Pweza_wa_Kusini, saa 6:46 usiku

Tumeisikiliza kwa spika za masikioni. Yeye anasema hakukuwa na redio. Mie nasikia kitu kwa mbali, kama tarumbeta, lakini upepo ni mwingi, siwezi kuapa.

Kombora_la_Pemba, saa 6:50 usiku

Wanaimba nini? Kama ni wimbo wa taarabu waliouchukua na kuubadili maneno, mashine imeshika lahani. Kuna nyimbo za wanawake za kazini ni lahani za taarabu tupu.

Fundi_Montaji, saa 6:58 usiku

Lahani inaweza kushikwa, ndiyo, mifumo mingine inalinganisha hata mtunzo, si rekodi peke yake. Lakini kwa kina mama wanaoimba bila ala, na upepo juu yake, mimi ningeshangaa. Rekodi ikipigwa nyuma hata kwa udogo hushikwa kirahisi zaidi, kwa hiyo bado naegemea redio. Au jirani kwenye hoteli alikuwa anapiga muziki, pwani hiyo hoteli zimejaa.

Usiku huu haijalishi. Sekunde 28 za kimya zinavumilika. Asizikate, akikata atalazimika kutoa faili upya kwa simu isiyo na nafasi, na faili likishabanwa na WhatsApp ukilibana tena picha inakuwa uji. Aandike kwenye karatasi alichosema hapo, akifika 4:02 azungumze yeye mwenyewe. Alale.

BabaShuruba, saa 7:05 usiku

Mimi bado nasema rufaa.

Kibogoyo_Mcheshi, saa 1:20 asubuhi

Filamu bubu kwa sekunde 28, si mbaya. Ushauri wangu umechukuliwa kwa asilimia kadhaa.

Pweza_wa_Kusini, saa 6:35 mchana

Ametoka. Mambo yalikwenda hivi. Linki ilifunguka, projekta ikagoma kutoa sauti kabisa (waya), wakatafuta spika, ikapatikana ya mwalimu wa dini. Kufika 4:02 sauti ikakata, mwalimu mmoja akainuka kwenda kutikisa waya tena. Mdogo wangu akamwambia, "Tulia mwalimu, hiyo ni makusudi," akaanza kueleza jinsi kamba inavyofungwa. Kumbe alikuwa na kamba mfukoni, akaonyesha kwa mikono mpaka sauti iliporudi.

Alama hazijatoka. Mwalimu wa Jiografia kauliza mbona hakuna mahojiano na mnunuzi wakati yako kwenye maelezo yake ya maandishi. Akasema yalipotea. Hapo sijui wamepokeaje.

Mtoto_wa_Tanga, saa 6:41 mchana

"Hiyo ni makusudi" 😂 Huyo apelekwe siasa.

Msomi_Mkavu, saa 8:15 mchana

Nimeusoma uzi wote. Wanaodhani mashine haikosei wakumbuke mpiga piano James Rhodes, mwaka 2018. Alijirekodi nyumbani akipiga kipande cha Bach, akaweka Facebook. Wakamzimia sekunde 47, inadaiwa ni rekodi ya Sony Music. Bach alifariki 1750, mtunzo wake si wa mtu tena, na aliyekuwa akipiga ni Rhodes mwenyewe. Alipinga, wakamkatalia. Mpaka alipopiga kelele hadharani na kuwaandikia wakubwa wao ndipo dai likaondolewa.

Kwa hiyo @Fundi_Montaji, mtu akipiga au kuimba mwenyewe anaweza kudhaniwa ni rekodi. Usiitupe hoja ya Kombora haraka.

Fundi_Montaji, saa 8:40 mchana

Nakubali inawezekana. Ila piano ya Bach kila mpigaji anafuata noti zile zile kwa kasi inayokaribiana, kwa hiyo rekodi mbili zinafanana sana. Kina mama wa mwani wanaimba kila mmoja na ufunguo wake. Nipe sauti hiyo niitazame kwenye kompyuta, nitoe upepo. Kama kuna tarumbeta itaonekana.

Kombora_la_Pemba, saa 8:52 mchana

Tarumbeta ya hoteli au ya redio, utajuaje?

Pweza_wa_Kusini, saa 9:10 alasiri

Nimekutumia @Fundi_Montaji. Na leo tumepinga yote mawili. La biti tumeambatisha ukurasa wa leseni wa ile tovuti, picha ya skrini. La kina mama tumeandika kwamba ni sauti za watu waliorekodiwa papo hapo na wameridhia. Hiyo ya pili naogopa kidogo. Kama kweli kuna redio nyuma tutakuwa tumesema uongo?

Msomi_Mkavu, saa 9:22 alasiri

Ungesubiri kwanza Fundi aisikilize. Kupinga si mchezo, unathibitisha maelezo kwa jina lako, na ukishikilia bila msingi, mdai anaweza kuomba video iondolewe, na hapo ndipo maonyo ya akaunti yanapoanza. La biti endeleeni nalo, hilo lina karatasi. La pili kama bado linafutika, lifuteni mpaka mjue. Wimbo ukiwa wa hapa nyumbani, COSOZA, wale wa hakimiliki Zanzibar, wanaweza kuwaambia umesajiliwa kwa nani.

BabaShuruba, saa 9:30 alasiri

Rufaa nilisema tangu jana mkanicheka.

Ukaya_wa_Buluu, saa 9:48 alasiri

Na mimi ya harusi ningeweza kupinga? Ina miaka mingi sasa. Ukumbi ndio uliopiga nyimbo, sisi tulirekodi tu.

Fundi_Montaji, saa 10:05 alasiri

Nyimbo zilikuwa za watu na zilisikika, hapo huna la kupinga. Mtafute aliyepiga video, faili la kwake halikuzimwa na mtu. Mtandao ulizima nakala yake tu. Mama mkwe bado anasema nasaha zake kwenye diski ya mtu fulani, kama hajaifuta.

@Pweza_wa_Kusini nimesikiliza. Kuna kitu, lakini mimi nasikia zumari.

Kombora_la_Pemba, saa 10:09 alasiri

Zumari pwani saa ya bamvua! Sasa hapo mmenichanganya kabisa.

Singeli_Bila_Breki, saa 10:30 alasiri

Wakuu mmemaliza ya mtoto, hongera zake. Biti zangu je? Mnasema wakala ndiye husajili, lakini vipande vya ngoma nilivitoa kwenye tovuti ya bure.

Mtoto_wa_Tanga, saa 10:32 alasiri

Kumbe ni wewe!